Kutoka rekodi ya majadiliano ya mishahara hadi karatasi moja: chama kimedai nini, mwajiri ametoa nini, na kipi bado kiko mezani

Kikao kilianza saa nne asubuhi, kikaisha saa saba kasoro dakika chache. Ukitoa mara mbili ambazo kila upande ulitoka kwenda kuteta peke yake, rekodi iliyobaki kwenye simu yangu ilikuwa ya saa mbili na dakika kumi. Sijafika hata Buguruni, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi akanipigia: "Kijana, kesho asubuhi nataka karatasi moja tu. Sisi tumeomba nini, wao wametoa nini, kimebaki nini."

Kiwanda ni cha vifungashio, kiko Chang'ombe, Dar es Salaam, jina nitaliacha na namba nimezibadilisha. Kazi yenyewe ni ileile katika kikao chochote cha mkataba wa hali bora, yaani mkataba wa chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi: unachukua maneno mengi yaliyosemwa kwa hasira, kwa utani na kwa heshima, unatoa humo misimamo. Nimeifanya kwa miaka kadhaa upande wa chama, na mara mbili kwa ombi la pande zote mbili. Nitaeleza ninavyoifanya sasa, baada ya kuikosea vya kutosha.

Kabla ya rekodi

Hapa sikai sana. Kurekodi kukubaliwe na pande zote mwanzoni, na ukubali huo usikike kwenye rekodi yenyewe. Kila mtu ataje cheo chake kwa sauti yake, kwa sababu baada ya saa moja sauti za wajumbe wawili wa kiume hazitofautiani tena. Simu ikae katikati ya meza juu ya kitambaa au daftari, mbali na feni. Upande mmoja ukiomba faragha, zima. Ukisahau, ikanasa wanachoteta, kipande hicho ukifute bila kukisikiliza na uwaambie wenyewe. Anayetumia maneno ya faragha kujenga karatasi ya misimamo, siku ikijulikana hakuna atakayekubali kurekodiwa tena.

Jambo la mwisho la maandalizi ni kuwa na barua ya madai ya chama na majibu ya mwajiri kama yalikuja kwa maandishi. Utaona baadaye kwa nini rekodi peke yake haitoshi.

Sikiliza mara ya kwanza bila kuandika maneno

Kishawishi kikubwa ni kuanza kuandika neno kwa neno tangu dakika ya kwanza. Usifanye hivyo. Saa mbili za mazungumzo zitakula siku nzima, na nusu yake ni historia ya kiwanda, bei ya unga na nani alimkosea nani mwaka juzi. Mimi nasikiliza rekodi nzima mara moja, kalamu mkononi, na naandika muda tu kila ninaposikia moja ya vitu vitatu: namba, mwezi au tarehe, na neno la kufungia au kuachia, kama "tumekubali", "hilo tuliache", "hapo hatuwezi". Kikao cha Chang'ombe kilinipa alama thelathini na nne. Hizo ndizo sehemu za kurudia.

Kisha narudi kwenye kila alama na kuandika neno kwa neno dakika moja kabla na moja baada. Kwenye kompyuta natumia programu ya kuchezea sauti ya VLC. Kitufe cha `[` kinapunguza kasi kidogo kidogo, na `Shift` pamoja na mshale wa kushoto inarudisha sekunde chache nyuma, hivyo mkono hauondoki kwenye kibodi. Andika kitenzi kama kilivyosemwa. Mtu akisema "tungeshuka", usimwandikie "tutashuka". Mahali pasiposikika andika [haisikiki] na muda wake, hata kama unadhani unajua alichosema, maana ulikuwepo chumbani na masikio yako yana upande.

Hiki ni kipande kimoja nilichoandika siku ile, na ndicho kilichobeba kikao kizima:

0:47:10 Meneja utumishi: Mzee, tumewasikia. Kampuni inaweza kwenda asilimia nane, lakini ianze mwezi wa tisa, na hapo suala la nauli tulifunge.

0:47:31 Katibu wa tawi: Sawa. Sawa, dada yangu. Nane nimeisikia.

0:47:40 Mjumbe wa tawi: Nane ya nini? Ya msingi au ya jumla?

0:47:44 Mhasibu: Ya msingi.

0:48:02 Katibu wa tawi: Sasa sikiliza. Sisi tungeshuka hadi kumi, kama nauli ingefika elfu tatu na nyongeza ianze mwezi wa saba.

0:48:20 Meneja utumishi: Elfu tatu ni nzito, Mzee. Tutaliangalia.

0:48:29 Mjumbe wa tawi: Na zamu ya usiku? Tumekubaliana?

0:48:33 Meneja utumishi: Zamu ya usiku haina shida.

Pima uzito wa kila kauli

Ukimpa mtu asiyezoea kipande hiki, atakuletea hivi: mwajiri ametoa asilimia nane, chama kimeshuka hadi kumi, zamu ya usiku imekubaliwa, nauli inaangaliwa. Kila moja kati ya hizo nne ina kasoro, na mbili ni makosa kabisa.

Tuanze na "sawa". Katibu kasema "sawa" mara mbili. Mezani neno hilo mara nyingi maana yake ni "nimekusikia, endelea", na yeye mwenyewe amelifafanua papo hapo: nane ameisikia. Nina kanuni hapa: "sawa", "ndiyo", "nimekupata" na "hapo tuko pamoja" haziingii kwenye karatasi kama makubaliano mpaka msemaji mkuu wa upande huo arudie jambo lenyewe kwa maneno yake. "Sawa, nane kuanzia mwezi wa tisa tunaipokea" ni kukubali. "Sawa" tupu ni adabu.

Ya pili ni kiambishi cha -nge-, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko watu wanavyofikiri. Meneja akisema "mkikubali mwezi wa tisa, tunatoa nane", hiyo ni ofa kamili yenye sharti: ukitimiza hili, lile ni lako. Katibu aliposema "tungeshuka hadi kumi, kama nauli ingefika elfu tatu", alikuwa anachungulia. Anataka kuona uso wa upande wa pili kabla hajajifunga. Kwa hiyo dai la chama halikushuka hadi kumi. Dai lililosimama bado ni kumi na mbili, alilolitaja dakika ya 0:31 baada ya kuanza na kumi na tano, na kumi inaandikwa pembeni kama pendekezo la kupima lenye masharti mawili.

Ila usiikariri -nge- kama fomula. "Tungeomba asilimia kumi na tano" ni dai halisi lililovikwa heshima. Hakuna mzee wa chama atakayekaa mbele ya mkurugenzi aseme "nataka". Kipimo changu ni kitenzi chenyewe: -nge- ikiwa kwenye kuomba au kupenda, ni adabu. Ikiwa kwenye kushuka, kutoa, kuongeza au kuachia, ni kuchungulia. Ukibaki na shaka, andika kauli yenyewe na muda wake, wenye maneno wayafafanue.

Ya tatu ni "tutaliangalia". Hiyo si ofa, wala si kukataa. Ni jambo lililobaki wazi ambalo mtu fulani amejibebesha. Linaandikwa na jina la cheo kilicholibeba na siku ya kulirudisha, na kama siku haikutajwa, andika hivyo hivyo kwamba haikutajwa.

Ya nne ndiyo ya hatari. "Zamu ya usiku haina shida." Ukiusikiliza mstari huo peke yake, umefungwa. Lakini rudi dakika ya 0:22: chama kilidai nyongeza ya asilimia kumi kwa saa za usiku, meneja akajibu kwamba kampuni inalipa asilimia tano kama sheria inavyosema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kweli inataka angalau asilimia tano ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku, na usiku kwa sheria hiyo unaanza saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Sasa meneja akisema haina shida, anamaanisha kumi imekubaliwa, au anamaanisha hakuna tatizo kwa sababu tano tayari analipa? Rekodi haijibu. Kwa hiyo suala hili linakwenda kwenye mambo yaliyo wazi, na pande zote mbili zinasomewa kauli zote mbili, ya 0:22 na ya 0:48.

Ofa na sharti lake ni pacha

Nikuambie nilivyojifunza hili. Miaka kadhaa nyuma, katika kikao cha kampuni nyingine, niliandika kwenye muhtasari: "Mwajiri ametoa 7%." Yalikuwa maneno yake, sikudanganya. Nilichoacha ni nusu ya sentensi iliyofuata, kwamba ianze baada ya miezi mitatu na posho ya chakula ibaki palepale. Katibu akasoma karatasi yangu kwenye mkutano wa wanachama, watu wakapiga vigelegele. Mwisho wa mwezi hati za mshahara zikatoka vilevile kama za mwezi uliopita, na simu ya kwanza iliyoita ilikuwa yangu. Chama kikamtuhumu mwajiri kugeuka, mwajiri akatoa rekodi yake, na tukaonekana sisi ndio waongo. Wiki mbili za majadiliano zikaenda kwenye kugombania karatasi yangu.

Tangu siku hiyo namba haiingii kwenye karatasi bila vitu vinne: ni asilimia au shilingi ya nini (msingi au jumla, kwa siku au kwa mwezi), inaanza lini, inamhusu nani, na imefungwa na nini. Kimojawapo kikikosekana kwenye rekodi, ninaandika "haikutajwa". Neno hilo lina kazi kubwa, kwa sababu linaonyesha pengo ambalo msomaji angelijaza kwa matumaini yake.

Kwenye mfano wetu, ofa ya nane ina kamba mbili: mwezi wa tisa, na nauli kufungwa. Chama kikikataa kufunga nauli, hakiwezi kudai kwamba nane bado ipo. Wakati huo ofa iliyosimama ni ile ya awali isiyo na sharti, nayo ni asilimia sita iliyotajwa dakika ya 0:26. Ndiyo maana kwenye karatasi naweka vyote viwili, kilichosimama na kilichofungwa kwa sharti. Mtu akiona nane peke yake anadhani sakafu imepanda, kumbe sakafu bado ni sita.

Karatasi yenyewe

Natengeneza jedwali la safu chache tu, kwenye Excel au hata kwa mkono. Kila suala lina mstari wake, na kauli kuu zina muda wa rekodi. Kwa kikao hiki lilitoka hivi:

| Suala | Chama | Mwajiri | Hali |
|---|---|---|---|
| Nyongeza ya mshahara wa msingi | Dai: 12% (0:31), limeshuka kutoka 15%. Kupima: 10% kama nauli ni 3,000 na inaanza Julai (0:48:02) | Bila sharti: 6% (0:26). Kwa sharti: 8% kama inaanza Septemba na nauli inafungwa (0:47:10) | Wazi |
| Tarehe ya kuanza | Julai | Septemba, ndani ya ofa ya 8%. Kwa ile ya 6% haikutajwa | Wazi |
| Nauli kwa siku ya kazi | 3,000, sasa ni 2,000 (0:35) | "Nzito, tutaliangalia" (0:48:20). Aliyebeba: meneja utumishi. Siku haikutajwa | Wazi |
| Zamu ya usiku | 10% ya msingi kwa saa (0:22) | 5% (0:22), kisha "haina shida" (0:48:33) | Maana ithibitishwe |
| Sare, jozi mbili kwa mwaka | Jozi mbili | "Jozi mbili tunatoa, mwezi wa kwanza na wa saba" (1:20) | Imekubaliwa |

Angalia mstari wa sare. Huo ndio pekee ulioandikwa umekubaliwa, na umeandikwa hivyo kwa sababu msemaji mkuu wa mwajiri alirudia jambo lenyewe, akataja idadi na miezi, na katibu akajibu "hilo limeisha, tusonge". Kikao cha saa mbili kikatoa makubaliano moja ya sare. Karatasi nzuri inakatisha tamaa kidogo, na wenye kikao wanaweza kukununia. Usiipambe.

Maneno ya sababu, kama "hali ya biashara mbaya" au "wanaotoka Chanika wanapanda magari mawili", hayaingii kwenye jedwali. Ninayaweka ukurasa wa nyuma kwa ufupi, kila upande na hoja zake, kwa sababu watu wanazihitaji kujiandaa, lakini hoja si msimamo. Wala hesabu zako mwenyewe haziingii. Nilipopiga hesabu ya daraja la chini, mshahara wa msingi 320,000, niliona jambo ambalo hakuna aliyelisema mezani: tofauti ya asilimia nane na kumi ni shilingi 6,400 kwa mwezi, wakati kupandisha nauli kutoka 2,000 hadi 2,500 tu, kwa siku 26 za kazi, ni 13,000. Kwa mtu wa daraja hilo, nauli ya katikati ingempa mara mbili ya kile ambacho meza nzima ilikuwa inakigombania. Nilimpelekea katibu kwenye karatasi tofauti, nikaandika juu yake kwamba ni maoni yangu. Ningeichanganya na muhtasari, mwajiri angekuwa na haki ya kuukataa wote.

Tafuta kile ambacho hakikusemwa

Sasa chukua barua ya madai. Pitia kila kipengele na utafute muda wake kwenye jedwali. Barua ya tawi ilikuwa na madai nane, na jedwali langu likawa na masuala matano. Matatu, yaani bima ya afya ya wategemezi, mkono wa heri wa mstaafu na likizo ya msiba, hayakuguswa kabisa. Hakuna aliyeyakataa, hakuna aliyeyaachia. Muda ulikwisha.

Haya ndiyo yanayopotea kimya kimya. Kikao cha pili kinafunguliwa kwa yale yaliyokuwa moto mara ya mwisho, cha tatu kinafuata cha pili, na siku ya kusaini mtu anauliza kuhusu likizo ya msiba, anaambiwa "hilo si tuliliacha?" Kwa hiyo naongeza mistari mitatu chini ya jedwali yenye hali "halijajadiliwa". Sitengenezi hali inayoitwa "limeachwa" mpaka nisikie mwenye dai akisema kwa mdomo wake kwamba analiondoa.

Pima na kinyume chake pia: kuna lililosemwa kwenye rekodi ambalo halimo kwenye barua? Dakika ya 1:34 mhasibu aligusia kulipa mishahara tarehe 28 badala ya 25. Ilipita kama utani, watu wakacheka. Hilo ni pendekezo jipya la mwajiri, na nililiandika.

Kulisoma mbele ya wote

Jedwali liende kwa pande zote mbili siku moja, nakala moja, kabla ya kikao kijacho. Kila upande una haki ya kusahihisha safu yake tu. Mwajiri hawezi kukuambia chama kilidai nini, na chama hakiwezi kulainisha ofa ya mwajiri. Wakibishana juu ya kauli, usijitetee kwa kumbukumbu yako, fungua muda huo na uwasikilizishe dakika moja kabla na moja baada. Mara nyingi ubishi unaisha hapo. Usipoisha, inaandikwa kwamba pande zinatofautiana kuhusu maana, na suala linabaki wazi.

Kumbuka pia karatasi hii si mkataba. Kwa sheria ile ya 2004, mkataba wa hali bora unafunga ukiwa umeandikwa na kusainiwa na pande zote, na nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Hata mstari wa "imekubaliwa" ni wa kubebwa kwenda kwenye rasimu tu. Ila mkikwama na mgogoro ukaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, karatasi hii inaokoa muda. Msuluhishi ana siku thelathini, zaidi ya hapo mpaka pande zikubaliane kwa maandishi, na jambo la kwanza atakalotaka kujua ni mnatofautiana wapi hasa. Rekodi yenyewe naihifadhi mpaka mkataba usainiwe, kisha tunaifuta kwa makubaliano.

Wiki iliyofuata Chang'ombe tulianza na mstari wa nne. Niliwasomea 0:22, nikawasomea 0:48:33. Meneja akacheka, akamwangalia katibu: "Mzee, mimi nilimaanisha tano. Kwani nyie mlielewa kumi?" Mjumbe aliyeuliza swali lile siku ile alikuwa tayari ameshawaambia wenzake wa zamu ya usiku kwamba ni kumi. Akaomba dakika tano, akatoka nje na simu.